Uzi: Mkunjo wa uwezekano wa uzalishaji kwa shamba la ekari 50. Kwa nini gharama mbadala hupanda, na nini hasa husogeza mkunjo nje?

#1 mwanafunzi_wa_uchumi

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba kueleweshwa jambo ambalo nimelizunguka wiki nzima.

Darasani tumechora mkunjo wa uwezekano wa uzalishaji, ule unaoonyesha kiasi cha juu kabisa unachoweza kuzalisha kwa rasilimali ulizonazo. Bidhaa mbili, moja mhimili wa wima, nyingine mhimili wa ulalo, na katikati mstari uliobinuka kwa nje. Nikauliza kwa nini umebinuka, nikaambiwa ni kwa sababu gharama mbadala, yaani kile unachokiacha ili upate kingine, inapanda. Nikauliza kwa nini inapanda, nikaambiwa angalia mkunjo ulivyobinuka. Hapo sijajibiwa.

La pili, kwenye jaribio tuliulizwa: bei ya alizeti ikipanda, mkunjo unasogea wapi? Nikaandika unasogea nje kwa sababu wakulima watazalisha alizeti nyingi zaidi. Nikakosa, na maelezo sikupata.

Mwenye mfano wa namba ambao mtu anaweza kuukokotoa mwenyewe kwa kalamu, tafadhali.

#2 mzee_wa_data

Mdogo wangu, jibu ni fupi. Ardhi inachoka. Ukiendelea kulima zao moja, kila ekari inayoongezeka inakupa kidogo kuliko ya kabla yake, ndiyo maana mkunjo unabinuka. Kuhusu bei, hata mimi sioni ulipokosea. Uzalishaji ukiongezeka, mkunjo umesogea nje. Ndiyo maana halisi ya kusogea.

#3 SautiYaJembe

Ndugu mwanafunzi, ngoja tuujenge mkunjo wenyewe kutoka shambani, tusianze na mchoro. Mzee wa data amegusa kitu, ila ardhi haihitaji kuchoka ndipo gharama ipande. Inatosha iwe haifanani.

Chukua shamba la ekari 50 la Dodoma ya kati, lenye vipande vitano vya ekari 10 kila kimoja, kuanzia bondeni hadi kilimani. Mazao ni mawili, mahindi na alizeti. Namba nimezitunga ziwe rahisi kukokotoa, lakini mwelekeo wake ndio wa kweli. Bondeni udongo ni mzito na unashika unyevu, kwa hiyo mahindi yanapata maji wakati wa kutoa mbelewele, kipindi ambacho yakikosa mvua yanaharibika kabisa. Alizeti hapo inasumbuliwa na maji yanayotuama. Kilimani udongo ni kichanga. Mahindi yanaungua mapema, lakini alizeti ina mzizi mkuu unaokwenda chini sana kutafuta unyevu, inavumilia.

Magunia kwa kipande kizima cha ekari 10:

| Kipande | Kikilimwa mahindi | Kikilimwa alizeti |
|---|---|---|
| Bondeni | 120 | 40 |
| Kando ya bonde | 100 | 50 |
| Katikati | 80 | 80 |
| Mteremko | 60 | 80 |
| Kilimani | 40 | 80 |

Lima mahindi kote: 120 + 100 + 80 + 60 + 40 = magunia 400, alizeti sifuri. Sasa unataka alizeti kidogo. Utaanzia kipande kipi?

Mkulima yeyote atakwambia kilimani. Pale unapoteza magunia 40 tu ya mahindi na unapata 80 ya alizeti. Ukitaka zaidi unashuka mteremko, kisha katikati, na mwisho kabisa ndipo unagusa bondeni. Jedwali linakuwa hivi:

| Nukta | Mahindi | Alizeti | Mahindi yaliyoachwa | Alizeti iliyoongezeka | Gharama mbadala ya gunia 1 la alizeti |
|---|---|---|---|---|---|
| A | 400 | 0 | | | |
| B | 360 | 80 | 40 | 80 | gunia 0.5 la mahindi |
| C | 300 | 160 | 60 | 80 | gunia 0.75 |
| D | 220 | 240 | 80 | 80 | gunia 1 |
| E | 120 | 290 | 100 | 50 | magunia 2 |
| F | 0 | 330 | 120 | 40 | magunia 3 |

Soma safu ya mwisho kutoka juu kwenda chini. Gunia la kwanza la alizeti linakugharimu nusu gunia la mahindi, la mwisho linakugharimu magunia matatu. Hakuna udongo uliochoka hapo. Ni kwamba ulianza na ardhi inayoipenda alizeti, ikaisha, ukalazimika kuchukua ardhi inayoyapenda mahindi. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Kubinuka kwa mkunjo ni picha tu ya mpangilio huo wa vipande.

Sasa chora: mahindi wima, alizeti ulalo. Weka nukta sita, ziunganishe kwa rula. Utapata vipande vitano vya mstari ulionyooka, kila kimoja kikiteremka kwa ukali zaidi kuliko kilichotangulia. Usishangae kwamba si mkunjo laini kama wa kitabuni. Aina tano za udongo, mistari mitano. Zingekuwa aina mia moja, macho yako yangeona mkunjo laini.

#4 mwanafunzi_wa_uchumi

Mkuu, nimeelewa mpaka nimesimama. Nimejaribu mwenyewe kutoka D kwenda E: 50 gawanya kwa 100, nikapata 0.5. Mbona wewe umeandika 2?

#5 SautiYaJembe

Umegeuza. Hili kosa ndilo linalokula alama nyingi kuliko lolote kwenye mada hii, kwa hiyo tulia nalo.

Jiulize kwanza: nanunua nini, na nalipa kwa nini? Kutoka D kwenda E unanunua alizeti 50 na unalipa mahindi 100. Unachotaka ni bei ya kitu kimoja unachonunua, kwa hiyo kilichoachwa kinakaa juu, kilichopatikana kinakaa chini. 100 ÷ 50 = 2.

Hiyo 0.5 yako si takataka. Ni gharama mbadala ya gunia moja la mahindi ukirudi kutoka E kwenda D, yaani nusu gunia la alizeti. Namba hizo mbili ni ndugu: 2 na 1/2. Popote kwenye mkunjo, gharama ya moja ni kinyume cha nyingine, ndiyo maana alizeti inapokuwa ghali, mahindi yanakuwa rahisi. Ukitaka kujikagua, zidisha hizo mbili. Usipopata 1 kuna mahali umekosea.

#6 mzee_wa_data

Nimekubali la udongo. Lakini la kusogea bado. Nasema hivi: kama jana nilikuwa na mahindi 280 na alizeti 40, leo nina mahindi 300 na alizeti 160, vyote vimeongezeka. Mkunjo umesogea nje, au si hivyo?

#7 hesabu_kichwani

Kaka mzee wa data, hapana. Na mfano wako umekuja wakati mzuri, kwa sababu hiyo nukta ya 280 na 40 inatokea kirahisi sana.

Rudi jedwali la vipande. Mtu anataka alizeti kidogo, na kwa sababu bondeni ndipo karibu na nyumba, anaanza kupanda alizeti bondeni. Anapata alizeti 40. Mahindi aliyoacha ni 120. Zinabaki 280. Ndiyo nukta yako hasa.

Sasa linganisha na aliyeanzia kilimani. Alizeti 40 ni nusu ya kipande cha kilimani, ekari 5. Mahindi aliyoacha ni 20. Anabaki na mahindi 380 na alizeti 40. Wote wawili wamelima ekari zote 50, hakuna ekari iliyolala, hakuna jembe lililokaa. Tofauti ni magunia 100 ya mahindi, yaliyopotea kwa kupanda zao sahihi mahali pasipo sahihi.

Vitabu vinapenda kusema nukta iliyo ndani ya mkunjo maana yake ni rasilimali zisizotumika, watu bila kazi na mashine zimezimwa. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni hii ya mpangilio mbovu, na ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Shamba lote ni kijani.

Kwa hiyo aliyekuwa 280 na 40 akahamia 300 na 160 amepanga upya vipande tu. 300 na 160 ni nukta C, ilikuwepo tangu mwanzo. Mkunjo haujasogea hata kidogo. Yeye ndiye aliyeusogelea.

#8 mwanafunzi_wa_uchumi

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni "je, nukta mpya ilikuwa inawezekana jana?" Kama iliwezekana, mkunjo haujasogea?

#9 hesabu_kichwani

Hilo hilo. Na jaribu na la bei uone.

#10 mama_wa_Kibaigwa

Samahani kuingilia mada yenu. Mimi nina ekari 3 na nimeshalipa trekta, limeshalima. Sasa kuna mtu anataka kunikodi shamba msimu huu, anatoa 100,000 kwa ekari. Najiuliza gharama mbadala yangu, nihesabu na hela ya trekta? Maana nikikodisha naona kama trekta imekwenda bure.

#11 hesabu_kichwani

Dada, hujaingilia, swali lako liko ndani ya mada ingawa halihitaji mkunjo.

Hela ya trekta usiihesabu kabisa kwenye uamuzi wa leo. Imeshatoka, na haitarudi ukilima wala ukikodisha. Gharama mbadala inaangalia kile utakachokikosa kuanzia sasa. Ukilima mwenyewe unakosa 300,000 za kodi. Hiyo ndiyo gharama mbadala ya ardhi yako msimu huu, hata kama hakuna noti inayotoka mkononi mwako.

Fanya hivi. Chukua mauzo unayotarajia, toa gharama zilizobaki tu: mbegu, palizi, kuvuna, mifuko, usafiri mpaka sokoni. Toa na malipo ya siku zako mwenyewe shambani, kama kuna kazi nyingine ungeifanya siku hizo. Kinachobaki ukilinganishe na 300,000. Kikizidi, lima. Kisipofika, kodisha.

Ila usikubali 100,000 kama bei ya shamba ambalo halijalimwa. Shamba lako limeshapita trekta, mpangaji anaokoa gharama hiyo. Mwambie aongeze. Trekta haiingii kwenye hesabu ya gharama mbadala, lakini inaingia kwenye mazungumzo ya bei.

#12 mama_wa_Kibaigwa

Asante sana. Hapo kwenye siku zangu mwenyewe ndipo sijawahi kuhesabu.

#13 mwanafunzi_wa_uchumi

Nimerudi na la bei. Bei ya alizeti ikipanda, ardhi ni ile ile, mbegu ni ile ile, mvua ni ile ile. Nukta zote sita zilikuwa zinawezekana jana. Kwa hiyo mkunjo haujasogea. Lakini mbona mkulima atazalisha alizeti zaidi?

#14 SautiYaJembe

Kwa sababu anahama juu ya mkunjo ule ule. Bei haitengenezi uwezo, inachagua nukta. Na unaweza kukokotoa atasimama wapi.

Tuseme gunia la mahindi ni 50,000 na la alizeti ni 60,000. Gunia la alizeti linanunua mahindi 1.2. Sasa teremka kwenye safu ya gharama mbadala. Kilimani gunia la alizeti linagharimu 0.5 na sokoni lina thamani ya 1.2: badilisha. Mteremko 0.75: badilisha. Katikati 1: badilisha. Kando ya bonde 2: simama, unalipa mahindi mawili kupata kitu chenye thamani ya 1.2. Umesimama nukta D.

Kagua kwa mauzo. Nukta C: 300 × 50,000 + 160 × 60,000 = 24,600,000. Nukta D: 220 × 50,000 + 240 × 60,000 = 25,400,000. Nukta E: 120 × 50,000 + 290 × 60,000 = 23,400,000. D ndiyo ya juu.

Bei ya alizeti ikipanda hadi 110,000, uwiano unakuwa 2.2. Sasa hata kando ya bonde panabadilishwa, kwa sababu 2 ni chini ya 2.2. Mkulima anahamia E. Alizeti imeongezeka kutoka 240 hadi 290, lakini angalia mahindi: yameshuka kutoka 220 hadi 120. Amelipa mahindi kupata alizeti, na nukta E iliwezekana tangu jana, kwa hiyo mkunjo haukusogea.

#15 trekta_kwanza

Nimewasoma. Lakini mnazungumza kama mkunjo ni jiwe. Nchi zilizoendelea zimesogeza mkunjo kwa mashine. Leteni matrekta, fungueni mapori, mkunjo utasogea wenyewe. Sioni ugumu.

#16 SautiYaJembe

Mashine husogeza mkunjo, sikatai. Zaidi ya ardhi kuna watu wenye ujuzi, mitaji, mbegu na mbinu bora, na miundombinu. Ila tuanze na mfano wa mbegu kwenye shamba letu, halafu turudi kwenye matrekta, maana yana historia yake hapo hapo Dodoma, kule Kongwa.

Imeletwa mbegu bora ya mahindi inayoongeza mavuno kwa asilimia 25 kwenye kila kipande. Alizeti haikuguswa.

| Nukta | Mahindi zamani | Mahindi sasa | Alizeti |
|---|---|---|---|
| A | 400 | 500 | 0 |
| B | 360 | 450 | 80 |
| C | 300 | 375 | 160 |
| D | 220 | 275 | 240 |
| E | 120 | 150 | 290 |
| F | 0 | 0 | 330 |

Ona nukta F haijatikisika. Ukilima alizeti kote, mbegu ya mahindi haikusaidii. Mkunjo umezunguka kama mlango ulioshikwa na bawaba upande wa alizeti, mwisho wa mahindi umepanda. Wengi huchora mkunjo mpya sambamba na wa zamani kila mara wanaposikia "teknolojia", na hapo wanakosea. Sambamba ni pale kinachoongezeka kinasaidia mazao yote mawili kwa usawa.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote hapa. Mkulima alikuwa nukta D, mahindi 220 na alizeti 240. Nyumbani kwake mahindi 220 yanamtosha, hataki zaidi. Je, mbegu ya mahindi imemfaidisha? Sasa D inampa 275, ana ziada ya 55. Kando ya bonde, ambapo mahindi yamekuwa 125 na alizeti ni 50, gunia la alizeti linagharimu mahindi 2.5. Aachie zile 55: 55 ÷ 2.5 = 22. Anabaki na mahindi 220 kama mwanzo, na alizeti 262 badala ya 240.

Mbegu ya mahindi imemzidishia alizeti. Hakuna mbegu mpya ya alizeti iliyoletwa, ila mahindi sasa yanahitaji ardhi ndogo zaidi, na ardhi iliyoachwa imekwenda kwingine. Nukta ya 220 na 262 jana haikuwezekana. Huo ndio usogeaji wa kweli.

Ila gharama mbadala ya alizeti imepanda kila kipande. Kilimani ilikuwa 0.5, sasa ni 50 ÷ 80 = 0.625. Katikati ilikuwa 1, sasa ni 1.25. Kwa hiyo kwa bei ileile ya 1.2, kipande cha katikati kinarudi mahindi. Mkunjo umesogea nje, na bado mwenye shamba anaweza kupunguza alizeti. Mambo mawili tofauti yametokea kwa pamoja, ukiyachanganya utapotea.

#17 msomi_wa_reli

Kuhusu matrekta na kufungua mapori, ndugu trekta_kwanza, Kongwa ilijaribiwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1947 ikaanza mpango wa karanga Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea, ukiwa na shabaha ya zaidi ya ekari milioni 3. Walileta matrekta na mashine nzito, nyingi zikiwa za masalio ya vita.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Mvua ikikatika na jua likiwaka, unakauka na kuwa mgumu kama sakafu, na karanga zinazaa chini ya ardhi. Kuzichimbua ikawa shida, majembe ya mashine yakaharibika. Mvua yenyewe haikutosha. Walijaribu hata alizeti, ukame ukaipiga. Mwezi wa kwanza 1951 mpango ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimeteketea, na karanga zilizovunwa hazikufikia mbegu zilizonunuliwa.

Walichokosea hakikuwa uchache wa mitaji. Waliongeza kitu ambacho hakikuwa ndicho kinachobana. Kilichokuwa kinabana ni maji na udongo.

#18 trekta_kwanza

Hiyo ilikuwa ukoloni, watu wasioijua ardhi. Siku hizi kuna wataalamu wa kupima udongo.

#19 msomi_wa_reli

Ni kweli, na kupima udongo kabla ya kununua mashine ndiko kungeokoa zile pauni. Ninachosema ni kwamba kuongeza rasilimali moja hakusogezi mkunjo kama nyingine ndiyo iliyofika mwisho. Umeme ni mfano wa upande wa pili. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Pale ambapo kiwanda kilikuwa kinazimwa kwa sababu ya umeme, na kina mashine, malighafi na watu, umeme ndio uliokuwa unabana. Ukiuongeza, uwezo unaongezeka kweli.

Ila tazameni muda. Ujenzi ulianza 2019, mashine ya kwanza ikaanza kuzalisha 2024. Miaka yote hiyo saruji, vyuma, mafundi na fedha vilikwenda bwawani, havikwenda kwenye kitu kingine. Nchi ilikuwa inahama juu ya mkunjo, kutoka vitu vya kutumia leo kwenda vitu vya kuzalishia kesho. Mkunjo wenyewe haukusogea mpaka mashine zilipozunguka. Gharama mbadala ililipwa kwanza.

#20 mzee_wa_data

Hapo nimeelewa, nashukuru wakuu. Lakini nina swali la mvua. Msimu wa mvua nzuri, kila kipande kinatoa zaidi, nukta ambazo mwaka jana hazikuwezekana sasa zinawezekana. Kwa kipimo chenu wenyewe, mkunjo umesogea nje. Na mwakani ukame ukija, umerudi ndani?

#21 SautiYaJembe

Mimi huchora mkunjo kwa mvua ya wastani, na mvua ya msimu mmoja naihesabu kama bahati, nzuri au mbaya. Kusogea nje nakuita kile kinachobaki.

#22 hesabu_kichwani

Hapa sikubaliani nawe, mwalimu. Mkunjo ni wa kipindi maalumu. Ukisema msimu wa 2023/24, basi mvua ya msimu huo ni sehemu ya rasilimali zake. Mkunjo wa kila msimu ni wake. Ukichora wa wastani, mwaka wa mvua kubwa utakuta wakulima wamesimama nje ya mkunjo wako, na kwa maana ya mkunjo, nje haiwezekani.

#23 SautiYaJembe

Nimekusikia. Kwa mtihani, jibu lolote kati ya hayo mawili litapita ukitaja kipindi ulichokusudia. Kwa kupanga shamba bado nang'ang'ania wastani, maana siku ya kupanda hujui mvua itakayokuja.

#24 pwani_na_bara

Naongeza moja kuhusu "nje haiwezekani". Kuzalisha nje haiwezekani, kutumia nje inawezekana ukifanya biashara. Shamba letu la kwanza, kabla ya mbegu mpya, bei ikiwa 1.2. Zalisha nukta D: mahindi 220, alizeti 240. Uza alizeti 80, nunua mahindi 96. Unakuwa na mahindi 316 na alizeti 160. Linganisha na nukta C, ambapo ungejizalishia mwenyewe mahindi 300 kwa alizeti 160 ile ile. Una magunia 16 zaidi, na mkunjo haujasogea hata unywele. Toa nauli ya lori kwanza, ikifikia thamani ya magunia hayo 16 faida imekwisha.

#25 kibarua_wa_palizi

Nimesoma uzi wote na kuna kitu kinanisumbua. Mmehesabu ardhi tu. Mahindi yana wiki chache za palizi ya kwanza, ukichelewa magugu yamekula mazao. Tuseme vibarua wanaopatikana kijijini wanatosha ekari 30 za mahindi tu kwenye wiki hizo. Nukta A inahitaji ekari 50 za mahindi, B inahitaji 40. Hizo nukta mbili zinatoka wapi?

#26 SautiYaJembe

Ndugu, umenishika vizuri. Zinaondoka.

Kwa sharti lako, mahindi ya juu kabisa ni yale ya vipande vitatu bora: bondeni 120, kando ya bonde 100, katikati 80, jumla 300. Hayo ni ya nukta C. Kwa hiyo kutoka alizeti sifuri mpaka alizeti 160, mkunjo unakuwa mstari wa ulalo kwenye 300, kisha unaanza kuteremka kutoka C kama kawaida. Na tazama maana yake: kilimani na mteremko mahindi hayawezi kupaliliwa hata hivyo, kwa hiyo magunia 160 ya kwanza ya alizeti yana gharama mbadala sifuri.

Na mbegu bora ingepandisha mstari huo kutoka 300 hadi 375, wakati kuongeza vibarua kungerudisha B kwanza, kisha A. Shamba lilelile, mkunjo unasogea sehemu tofauti kutegemea unachoongeza.

#27 kibarua_wa_palizi

Sifuri kama alizeti haihitaji palizi. Lakini inahitaji, na ikipandwa mwezi huo huo inawataka vibarua wale wale. Hapo utaweka siku ngapi za kazi kwa ekari ya mahindi, na ngapi kwa alizeti?

#28 mwanafunzi_wa_uchumi

Naomba mwenye hesabu ya siku za kazi kwa ekari azilete, kilimani na bondeni, maana palizi ya kichanga si sawa na ya udongo mzito. Nimeshachora karatasi mbili, moja ya ardhi, moja ya vibarua. Nikiziweka moja juu ya nyingine, eneo linalobaki chini ya mistari yote miwili ndilo linalowezekana. Nimepatia hapo?

#29 hesabu_kichwani

Kwa kulijua eneo la juu lisilowezekana, umepatia. Kwa kulipata eneo lenyewe kamili, bado, kwa sababu kila karatasi inachagua vipande vyake peke yake. Nukta inaweza kuwa chini ya mistari yote miwili na bado isipatikane, kama karatasi ya ardhi inataka alizeti mteremko na ya vibarua inaitaka kwingine. Leta namba za siku za kazi tuzipange kipande kwa kipande.